Dakika Tatu za Gadi

Mashine yetu ya kufulia tuliipa jina la Mama Mkwe. Ukiwa karibu nayo unapunguza sauti, huipi mgongo, na ikianza kulalamika nyumba nzima inasimama. Dada yangu aliinunua mkono wa pili baada ya kifundo chake cha mkono wa kulia kuvunjika na kuunga vibaya. Daktari alimwambia neno moja: asikamue tena nguo. Kumwambia dobi asikamue nguo ni kumwambia kinyozi asishike mkasi. Kwa hiyo Mama Mkwe hakuwa chombo tu pale dukani. Alikuwa mkono wa kulia wa dada, wenye mlango wa kioo.

Siku hiyo ilikuwa ya majaribio. Mkunga mkuu wa zahanati ya wazazi, mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuwa ametuletea mashuka arobaini. Alisema atayapitia saa kumi alasiri, na akiridhika, mashuka ya zahanati yote yatakuwa yetu kila wiki. Asiporidhika, kuna dobi mwingine barabara ya juu mwenye mashine tatu na tabasamu pana.

"Mashuka ya uzazi," dada aliniambia akijifunga kitambaa cha kichwa, "maji ya moto, suuza mara mbili, kamua. Usiongeze ubunifu wako."

"Mimi na ubunifu wapi na wapi, dada?"

"Nakujua. Nafuata sabuni, narudi. Umeme ukikatika ufanyeje?"

"Nachomoa Mama Mkwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeme ukirudi unarudi na hasira, na yeye anaendelea pale pale alipoachia bila kuuliza mtu."

"Na mikono?"

"Mikavu. Nasimama kwenye mkeka wa mpira. Dada, nimemaliza kidato cha nne, unaniuliza maswali ya chekechea."

"Wa chekechea wanatii," akasema, akaondoka.

Sasa niwaeleze kuhusu gadi, maana yeye ndiye mwenye kesi. Gadi ni boksi dogo jeupe. Unalichomeka kwenye soketi ya ukutani, halafu mashine unaichomeka kwenye gadi. Lina taa tatu. Kijani, umeme uko sawa, pita. Nyekundu, umeme umezidi au umepungua, gadi amekata, hapiti mtu. Njano, umeme umetulia lakini gadi bado hauamini, anautazama kwanza dakika tatu. Fundi aliyelifunga, mzee mmoja mpole tunayemwita Taratibu, alikuwa ameligomea kwanza lile dogo la friji alilolinunua dada. Alisema hita ya mashine inakula umeme mwingi, gadi la friji lingeungua lenyewe kabla ya kumlinda mtu. Akaleta kubwa.

Mzigo wa kwanza ulikwenda vizuri, nikauanika juani. Saa tano na nusu nikatia wa pili. Hapo ndipo jirani yetu Cheche alipofungua karakana yake.

Cheche ni mchomeleaji wa mageti. Kila akigusa chuma, balbu yetu inakonyeza. Akikandamiza sana, umeme unashuka, gadi linasema "tak!", nyekundu, Mama Mkwe ananyamaza. Cheche anainua mkono kupangusa jasho, umeme unapanda, gadi linaingia njano. Dakika tatu. Kijani. Mashine inageuza ngoma mara nne, tano. Cheche anagusa chuma tena. Tak!

Nikahesabu. Mara tisa. Mara tisa kwa dakika tatu ni karibu nusu saa niliyokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiitazama taa ya njano kama mchumba asiyejibu ujumbe. Nikatoka nje.

"Cheche! Kaka! Unachomelea geti la peponi? Halimaliziki?"

"Dogo, mteja anataka leo!" Akainua miwani yake myeusi. "Kwani wewe una shida gani?"

"Ukigusa tu, gadi letu linazimia."

"Si ulitoe! Mimi mashine yangu naichomeka ukutani na inaishi."

Nikarudi ndani. Mama Mkwe alikuwa kimya, mashuka yamekaa kwenye maji ya uvuguvugu. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo. Nikalitazama gadi. Njano. Nikaitazama soketi ya pili, ile ya pasi, iko wazi, haina maswali.

Nitawaambia nilivyofanya, halafu mnicheke. Nilikausha mikono, nikapanda kwenye mkeka, nikazingatia kila sheria ya usalama kasoro ile moja yenye maana. Nikachomoa Mama Mkwe kwenye gadi, nikamchomeka ukutani moja kwa moja. Halafu, ili dada akirudi aone taa inawaka na waya umeingia, nikachomeka kwenye gadi chaja ya simu yangu. Kwa maneno mengine, simu yenye kioo kilichopasuka ilipewa askari wa zamu, na mkono wa kulia wa dada yangu ukaachwa barabarani.

Na ikaenda! Ndiyo hatari yake, ikaenda vizuri. Cheche akigusa chuma, Mama Mkwe anaguna kidogo, anapunguza mwendo, anaendelea. Maji yakapata moto, povu likajaa kioo, kufua kukaisha, nikasikia maji machafu yanatoka na masafi yanaingia. Suuza ya kwanza. Mimi huyo napiga mluzi, nimeinama kwenye beseni nasugua doa lililobaki kwenye foronya moja, nimelowa hadi viwiko.

Lakini sikuwa nimetulia. Kuna namna mtu anapiga mluzi huku shingo imekaza. Kila dakika nilikuwa nageuka kuitazama balbu.

Ile balbu ni ya kizamani, ya waya ndani, ya njano. Dada alikataa kuibadilisha kwa sababu Taratibu alimwambia hiyo ndiyo mita ya bure: ukiujua mwanga wake utaujua umeme wako. Saa saba na nusu nikaona kivuli changu kwenye beseni kimekuwa cheusi sana. Nikainua macho. Balbu ilikuwa nyeupe.

Si kuwaka vizuri. Nyeupe ya kuumiza macho. Na wakati huohuo nikamsikia kinyozi wa chumba cha tatu akipiga kelele: "Jamani, mbona kwangu umeme umekuwa kama chai ya juzi? Mashine inalia tu, hainyoi!" Kwake umefifia, kwangu umezidi. Gadi likasema tak! Nyekundu.

Nikaruka kwenda soketi. Mikono inachuruzika.

"Usiguse!"

Dada alikuwa mlangoni, mfuko wa sabuni begani. Sauti ile ilinigandisha hatua moja kutoka ukutani. Yeye hakuja kwangu. Aligeukia swichi kuu, iliyo kando ya mlango, pakavu, akaishusha kwa mkono wa kushoto. Lakini kabla haijashuka tulisikia nyuma ya Mama Mkwe mlio mdogo, kama mtu amepasua njugu kwa meno. Giza kidogo. Kimya. Halafu harufu.

Harufu ya kitu cha umeme kikiungua haina mfano. Inaingia puani na kukaa, kama ndugu asiyesema ataondoka lini.

Dada alikaa juu ya ndoo yangu, akakishika kile kifundo kilichounga vibaya, akakizungusha polepole. Kwenye kioo mashuka ya mkunga yalikuwa yameelea kama samaki waliokufa.

"Gadi lilikuwepo," akasema. "Nimeona taa nyekundu. Lilikuwepo na mashine imeungua hivyohivyo."

Nikachukua kitambaa, nikajifanya napangusa sakafu.

"Lile ni feki," dada akaendelea, akisimama. "Taratibu katuuzia gadi feki. Yule mzee! Anakunywa maji kwangu, ananiita binti yangu!" Akachukua simu. "Fundi! Njoo sasa hivi. Na ukija uje na jibu."

Taratibu alifika baada ya nusu saa, na mkoba wake wa ngozi, anapumua. Huko nje mafundi wa shirika la umeme walikuwa wameshafika, mmoja yuko juu ya nguzo. Waya wa kurudisha umeme, ule wanaouita nyutro, ulikuwa umelegea pale juu, na ukilegea, wengine wanapata umeme mara mbili ya haki yao na wengine nusu.

"Shikamoo, fundi," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye homa.

"Marahaba."

Dada hakusalimia. "Gadi lako liko pale. Mashine yangu iko pale. Nieleze."

Mzee aliinama, akalichomoa gadi, akaligeuza, akalinusa. Akatoa kipimo chake na kukipitisha hapa na pale. Akaona chaja yangu ikining'inia. Akaitazama chaja. Akautazama waya wa Mama Mkwe ulioingia soketi ya pasi. Halafu akanitazama mimi, sekunde mbili hivi, na akarudi kwenye gadi.

Hapo ningeweza kupona. Mzee yule angeubeba mzigo, niliona usoni kwake. Alikuwa anatafuta namna ya kusema neno lisilomchoma mtu. Na dada alikuwa tayari ameshamtoa kwenye orodha ya watu.

"Gadi ni zima," nikasema. "Mashine haikuwa kwenye gadi. Nilichomeka ukutani. Kwenye gadi kulikuwa na simu yangu."

Dada akageuka. "Rudia."

"Nilichoka kusubiri dakika tatu."

"Kwa hiyo simu yako..."

"Ni nzima."

"Hongera," dada akasema. Neno moja tu, na nawaambia nimewahi kuchapwa viboko vyepesi kuliko hilo neno. Halafu akamgeukia mzee: "Baba, unisamehe. Nimekusema vibaya kabla sijakuuliza."

"Hata sikusikia," Taratibu akasema, na wote tulijua amesikia. "Tuangalie mashine."

Alihakikisha plagi imechomoka, akafungua kifuniko cha juu bila kugusa maji. Pale waya mkuu unapoingia kulikuwa na kijiboksi kidogo kimevimba na kupasuka, kimeacha masizi. Akakitoa kwa koleo, akanionyesha mimi, si dada.

"Huyu ni chujio. Anakaa mlangoni, anapokea umeme kabla ya wengine wote. Umezidi, kapasuka, akavuta fyuzi ya plagi, fyuzi ikakata. Dada yako kashusha swichi kuu. Huenda kuishia hapo ndiko bahati yenu." Akapima mota, akapima hita, kila mara anaguna kama daktari anayekunyima jibu. "Mota hai. Hita hai."

Kwenye mkoba alikuwa na chujio alilolitoa kwenye mashine iliyokufa kwa kutu. Akalifunga, akatia fyuzi mpya. Cheche, ambaye karakana yake ilikuwa gizani na hivyo amekuja kutazama msiba wetu, alipendekeza afunge ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi ya zamani. Taratibu alimwambia, "Karatasi haifi. Mashine ndiyo itakufa badala yake." Cheche akacheka peke yake.

Saa tisa na nusu. Mama Mkwe mzima, umeme hakuna, mtu bado juu ya nguzo. Kilichobaki ni suuza na kukamua; maji ya moto yalikuwa yameshapita, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mashuka mazito vile, yamejaa maji ya sabuni, nani atayakamua? Nilikunja mikono ya shati. Dada naye akakunja wake.

"Wewe hapana," nikamwambia. "Daktari kasema."

"Daktari hakumwona mkunga."

Nikatoka mbio hadi kwa kinyozi. Ana jenereta dogo la petroli, la kubeba kwa mkono mmoja, analiwasha umeme ukikatika wakati mteja yuko nusu kichwa.

"Kaka, niazime jenereta."

"Litabeba mashine yenu?"

"Likikataa nitakuja kuoshea watu vichwa mwezi mzima bure."

"Wakikuona na hizo nywele zako watakimbia. Chukua."

Nilipolifikisha, Cheche alikuwa anatusubiri na msaada wake wa pili: waya wenye plagi huku na plagi huku. "Chomeka upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi yenu ya ukutani. Duka zima linawaka, na mimi jirani naiba kidogo."

Taratibu hakubishana. Alimshika bega, akamtoa nje, akanyoosha kidole juu ya nguzo. "Unamwona yule? Ana mke. Swichi kuu ikisahauliwa juu na mtu mmoja tu hapa, huo umeme wa jenereta unatoka ukutani, unapanda kwenye nyaya, unamkuta na mikono yake. Na ile plagi ya pili ukiichomoa bahati mbaya, meno yake yana umeme, yako wazi, yanakusubiri."

Cheche aliukunja waya wake taratibu, akaufunga fundo.

Tukaliweka jenereta nje kabisa, mbali na mlango na dirisha, bomba la moshi limeelekea barabarani. Petroli ilitiwa likiwa limepoa. Taratibu akasoma kibandiko chake: wati elfu moja na mia tano. "Hita ya mashine peke yake ni elfu mbili. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo maji baridi," nikajibu. Nikazungusha kitufe cha joto hadi mwisho, kwenye baridi. Nikapunguza na kasi ya kukamua. Nikavuta kamba mara tatu, jenereta likakohoa, likawaka.

"Usichomeke kitu. Liache litulie kwanza."

Tukaliacha. Halafu tukavuta waya mrefu wa njia tatu, ukiwemo ule wa ethi, wa usalama; haukukunjwa wala haukupita kwenye maji. Nikachomoa chaja yangu kwenye gadi, nikamchomeka Mama Mkwe hapo, mikono mikavu kama karatasi. Gadi nikalichomeka mwishoni mwa waya.

Njano.

Na hapo ndipo mkunga alipoingia. Mwanamke mfupi, saa ya mkononi imevaliwa kwa ndani kama wanavyovaa wao, hatua zake zinasikika kabla hajafika.

"Nimewahi dakika tano," akasema. "Mashuka?"

"Karibu, mama," dada akasema. "Ishirini yako tayari, yamekunjwa haya hapa. Ishirini yako kwenye suuza. Tumepata tatizo la umeme."

Mkunga aliitazama mashine iliyokuwa kimya, akalitazama jenereta lililokuwa linanguruma. "Mbona injini inawaka na mashine imelala?"

"Tunasubiri gadi," nikasema.

Kutoka mlangoni Cheche akashindwa kujizuia. "Dogo, mchomeke moja kwa moja kwenye waya! Mama wa watu unamchelewesha kwa kitaa cha njano!"

Nawaapia, mkono wangu wenyewe ulijua njia. Ungefika, ungechomoa, ungechomeka, sekunde nne. Dada alikuwa ananitazama. Alikishika tu kifundo chake.

"Hapana," nikasema. "Dakika tatu."

Nikapindua ndoo, nikakaa mbele ya taa. Dakika moja ikapita. Ya pili. Nje, jenereta likaanza kupumua vibaya. Sauti ikapanda ghafla, ikashuka, ikapanda tena kama mtu anayekimbizwa. Tak! Nyekundu.

"Bomba la mafuta halijafunguka vizuri!" Taratibu akatoka haraka. Baada ya muda sauti ikalainika, ikawa moja.

Njano. Tunaanza upya.

Nilimgeukia mkunga, jasho linanitiririka. "Mama, hapo ningekuwa nimechomeka moja kwa moja, ule mshtuko ungeingia kwenye mashine. Nimeshauingiza mmoja leo. Sina nguvu za kuingiza wa pili."

"Wewe ndiye uliyeiunguza?"

"Ni mimi."

Mkunga akavuta kiti cha wateja, akakaa. Akageuza mkono, akaitazama saa yake. "Friji letu la chanjo tulilichomeka ukutani mwaka juzi," akasema, bila kumwangalia mtu. "Gadi lilikuwa linachelewesha, wakasema. Umeme uliporudi, chanjo zote tukazitupa. Nilizitupa kwa mikono yangu." Akaiangalia taa ya njano. "Nasubiri. Lakini sisubiri usiku."

Kijani.

Mama Mkwe akaguna, akageuza ngoma upande huu, akafikiri, akageuza upande ule. Jenereta likainamisha sauti kidogo kubeba mzigo, halafu likakaza. Dakika ishirini na nane tulikaa pale, watu wanne na Cheche mlangoni, tukitazama mashuka yakizunguka kama mchezo wa fainali. Ilipoanza kukamua, balbu ya dada ikiwa imezimwa na dirisha likitetemeka, nilijikuta nimelishika gadi kwa kidole kimoja, pembeni, kama unavyomshika mtoto asianguke.

Ikasimama. Tukangoja mlango ujifungue. Dada alilitoa shuka la kwanza, akampa mkunga. Mkunga akalinusa, akalinyoosha kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Yana unyevu."

"Tumepunguza kasi ya kukamua, mama, jenereta ni dogo."

"Nitayaanika kwetu." Akakunja shuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Jumatano nitaleta sitini. Saa mbili asubuhi, kabla huyu bwana wa mageti hajaamka."

Cheche akainua mikono. Dada alikaa kwenye kiti kile kile kilichoachwa na mkunga, akauweka mkono wake wa kulia mapajani, kama kitu alichorudishiwa.

Mimi nilizima Mama Mkwe kwanza, nikachomoa, ndipo nikageuka niende kuzima jenereta. Hapo nikaona simu yangu imebaki na chaji asilimia tatu. Nikalitazama gadi, liko huru, limekaa pale na taa zake.

"Usithubutu," dada akasema.